Zamu Ivukayo Saa Sita ya Usiku, na Namna ya Kuihesabu Katika Lahajedwali

Msimu wa pamba unapoingia wilayani Kishapu, na mitambo ya kuchambua pamba ikawa hainyamazi mchana wala usiku, karani wa mahudhurio ambaye kwa miezi mingi alihesabu zamu za mchana bila taabu, kwa kutoa saa ya kuingia katika saa ya kutoka, huandika kanuni ile ile kwa watu wa usiku, na badala ya saa kumi na mbili alizozitaraji akaona kisanduku kimejaa alama za reli, `########`, toka ukingo hadi ukingo. Mashaka hayo si ya wachambuaji wa pamba peke yao, kwani karani wa walinzi wa maduka ya Maganzo huyapata, na wa migodi ya dhahabu huko Geita kadhalika. Na hapo Mwadui, ambako almasi imechimbwa tangu Dakta Williamson alipoufungua mgodi wake mwaka 1940, hesabu ya zamu za usiku ni kongwe kuliko tarakilishi zenyewe. Makala haya nayaelekeza kwa karani huyo, aliye na Ekseli au Google Sheets mbele yake, daftari la getini ubavuni, na siku ya mishahara inayokaribia.

Lahajedwali haiijui saa kama tuijuavyo sisi. Kwake siku nzima ni namba moja, na kila wakati ndani ya siku ni sehemu ya namba hiyo, ikianza kuhesabiwa saa sita ya usiku. Kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi, yaani 06:00, ni robo ya siku, 0.25, na saa kumi na mbili jioni, yaani 18:00, ni robo tatu, 0.75. Mtu wa mchana aliyeingia robo akatoka robo tatu amefanya kazi nusu ya siku, wala hapana mushkeli. Lakini aliyeingia robo tatu akatoka robo, kwa kuwa siku nyingine imekwisha kuanza katikati ya kazi yake, hesabu yake huja nusu kasoro, yaani -0.5, na Ekseli, ambayo kwa desturi yake haikubali kuonyesha wakati ulio chini ya sifuri, hujaza reli zile. Karani asidhani kuwa safu ni nyembamba akaipanua. Reli za namna hiyo hazipungui hata safu ikiwa pana kama ukurasa.

Dawa yake ni kuirudishia hesabu siku moja pale tu inapopungua sifuri, na kazi hiyo huifanya kitendeshi kiitwacho MOD, ambacho hugawa namba kwa nyingine na kukupa masalio. Masalio ya -0.5 kwa moja, katika lahajedwali, ni 0.5, na masalio ya 0.5 kwa moja ni 0.5 hiyo hiyo, kwa hiyo kanuni moja huwafaa watu wa mchana na wa usiku pamoja. Tuseme safu ya A ina tarehe ya kuingia, B saa ya kuingia, C saa ya kutoka, na D saa za mapumziko yasiyolipwa, zilizoandikwa kwa namba ya kawaida kama 1 au 0.5. Katika E2 andika:

```
=24*MOD(C2-B2,1)-D2
```

Hiyo 24 ya mbele huigeuza sehemu ya siku kuwa saa, na kisanduku cha E kiwekewe umbo la namba, si la wakati. Aliyeingia 18:00 akatoka 06:00 na kupumzika saa moja atapata 11. Tarakilishi nyingine, kwa jinsi lugha yake ilivyopangwa, hutaka nukta na mkato (;) mahali pa mkato; kanuni ikikataliwa, jaribu hivyo kabla ya kutafuta kosa kwingine. Wako wanaoandika `IF` ndefu ya kuuliza kama kutoka ni kudogo kuliko kuingia, nayo ni sahihi, lakini mimi naipendelea MOD kwa sababu ni fupi, na kanuni fupi karani mwenzio ataisoma akaielewa siku wewe uko likizo.

Kufikia hapo wengi huridhika, ilhali hatari iliyo kubwa bado. Reli zile ni kosa linalojitangaza, na kosa linalojitangaza halimdhulumu mtu. Kinachodhulumu ni namba iliyo na sura nzuri na imekosea. Na kwetu sisi namba za jinsi hiyo hutoka mahali pamoja, nako ni daftari la getini. Mlinzi wa zamu huandika saa kama anavyozisema, kwa hesabu yetu ya asili ambayo mchana huanza kuhesabiwa kwa mapambazuko na usiku kwa kuchwa kwa jua, na karani, kwa haraka, huzinakili namba zile zile katika lahajedwali ambayo yenyewe huanza siku yake katika usiku wa manane.

Tazama matokeo yake. Mtu aliyeingia saa kumi na mbili jioni akatoka saa kumi na mbili asubuhi ataandikwa 12:00 na 12:00, na MOD itasema hakufanya kazi hata dakika moja. Aliyeingia saa kumi na mbili jioni akaruhusiwa saa kumi na moja alfajiri ataandikwa 12:00 na 11:00, na MOD, kwa utiifu wake, itampa saa 23. Makosa hayo mawili yataonekana na mwenye macho. La tatu ndilo baya: aliyeingia saa moja usiku akatoka saa kumi na moja alfajiri ataandikwa 1:00 na 11:00, na hesabu itatoa saa 10, ambazo ni saa 10 za kweli kabisa, kwa sababu tofauti ya saa sita baina ya hesabu zetu na za mashine imo pande zote mbili ikajifuta yenyewe. Urefu ni sahihi, lakini mahali ni pa uongo: mashine inaamini kuwa mtu huyu aliingia saa saba usiku akatoka saa tano asubuhi, na tutakapokuja kwenye posho ya usiku tutaona ni kiasi gani anapunjwa kwa jambo hilo.

Kumlazimisha mlinzi aandike 19:00 badala ya saa moja usiku ni kumwongezea kazi ya kufikiri mtu aliye na tochi mkononi na foleni mbele yake. Afadhali aandike azijuavyo, na kila saa aitilie herufi moja pembeni, M kwa mchana na U kwa usiku, kisha lahajedwali ifanye tafsiri. Ikiwa saa ya Kiswahili imo katika H2 na herufi imo katika I2, basi:

```
=MOD(H2+IF(I2="U",18,6)/24,1)
```

Sharti ni moja, nalo libandikwe ukutani pale getini: saa kumi na mbili jioni ni ya M, kwa kuwa ndiyo inayoufunga mchana, na saa kumi na mbili asubuhi ni ya U, kwa kuwa ndiyo inayoufunga usiku. Kwa sharti hilo 12:00 M itakuwa 18:00, na 12:00 U itakuwa 06:00, na saa sita usiku itakuwa 00:00, kama inavyotakiwa.

Kuna na tabia ya kuandika saa kwa nukta moja, 18.00 badala ya 18:00, ambayo shuleni haikuwa kosa lakini hapa ni balaa, maana mashine huisoma kuwa ni siku 18 kamili. Toa 18 katika 6, chukua masalio kwa moja, utapata sifuri; na aliyeingia 18.30 akatoka 6.00 utampa saa 16.8 ambazo hakuzifanya. Dalili ni kuwa kisanduku kitaonyesha 18 au 18.3 bila nukta mbili katikati. Na ikiwa saa imekaa upande wa kushoto wa kisanduku ilhali nyingine zote zimeegemea kulia, hiyo imeingia kama maneno, nayo iandikwe upya.

Jambo la jumla nalo lina mtego wake. Ukiacha kuzidisha kwa 24, ukapenda kubaki na umbo la saa na dakika, jumla ya masiku matano ya saa 11 kila moja, ambayo ni saa 55, itaonyeshwa kuwa 7:00, kwa sababu umbo la kawaida la `h:mm` likifika siku kamili huanza upya, likazitupa siku mbili nzima, saa 48, pasipo kusema neno. Umbo lifaalo ni `[h]:mm`, lenye mabano ya mraba. Lakini kwa kuwa mwisho wa safari ni kuzidisha saa kwa shilingi, namba ya kawaida iliyozidishwa kwa 24 ndiyo salama zaidi, kwani ukizidisha ujira kwa 0.5 ukidhani ni saa 12, utamlipa mtu nusu saa kwa usiku mzima.

Sasa tuje kwenye posho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema katika kifungu cha 20 kuwa usiku ni baada ya saa mbili usiku na kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, yaani toka 20:00 hadi 06:00, na kwamba kila saa iliyofanyiwa kazi humo inaongezwa walau asilimia 5 ya ujira wa msingi. Na ikiwa saa hiyo ni ya ziada, asilimia 5 inapigwa juu ya kiwango cha ziada, ambacho kwa kifungu cha 19 si pungufu ya mara moja na nusu. Basi haitoshi kujua urefu wa zamu. Lazima kujua ni saa ngapi ndani yake zimeangukia katika dirisha hilo, na dirisha lenyewe linavuka saa sita ya usiku, kwa hiyo taabu ile ile inarudi mara mbili.

Njia ya kuikwepa naipenda kwa kuwa ina asili ya kale. Wanafalaki, ambao kazi yao ni ya usiku kuliko ya mlinzi yeyote, walikuwa mpaka mwaka 1925 wakiianza siku yao saa sita mchana, ili usiku mmoja wa kutazama nyota usikatwe na tarehe mbili. Nasi tunaweza kufanya hivyo: tukiondoa nusu siku katika kila saa, adhuhuri inakuwa sifuri, saa kumi na mbili jioni inakuwa sita, mwanzo wa dirisha unakuwa nane, mwisho wake unakuwa kumi na nane, na mpaka wa siku unahamia wakati ambapo mtu wa usiku amelala kwake. Kisha ni kuchukua iliyo kubwa kati ya kuingia na nane, na iliyo ndogo kati ya kutoka na kumi na nane, na kutoa:

```
=24*MAX(0,MIN(MOD(C2-12/24,1),18/24)-MAX(MOD(B2-12/24,1),8/24))
```

Kwa mtu wa 18:00 hadi 06:00 itakuja 10, nawe uondoe mapumziko ikiwa yalikuwa ndani ya dirisha. Itumie kwa zamu za usiku tu, kwa kuwa zamu ya mchana inayovuka adhuhuri itaivuruga. Na yule tuliyemwacha getini, wa saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, akiandikwa sawasawa 19:00 na 05:00 atapata saa 9 za usiku. Akiandikwa 1:00 na 11:00 atapata 5. Hizo nne zimepotea bila reli wala onyo lolote.

Tuifuate zamu moja mpaka shilingi ya mwisho. Mwendesha mtambo, ambaye kwa mfano tu tuseme ujira wake ni shilingi 2,000 kwa saa, aliingia 18:00, akapumzika toka 23:00 hadi 00:00, akatoka 06:00. Saa za kazi ni 11. Sheria inaweka saa 9 za kawaida kwa siku, na yeye anazitimiza saa kumi za alfajiri, yaani 04:00, kwa hiyo mbili zilizobaki ni za ziada. Saa 9 kwa 2,000 ni 18,000. Saa 2 za ziada kwa 3,000 ni 6,000. Saa zake za usiku, baada ya kuondoa mapumziko, ni 9, nazo saba ni za kawaida, zenye nyongeza ya shilingi 100 kila moja, yaani 700. Na mbili ni za ziada, zenye nyongeza ya 150, yaani 300. Jumla ni shilingi 25,000. Karani akisahau kuwa posho ya saa za ziada inapigwa juu ya 3,000, atampunja shilingi 100 kila usiku, kiasi ambacho mtu mmoja hatakidai lakini watu mia kwa msimu mzima ni fedha.

Kuhusu mapumziko, safu ya D isijazwe 1 kwa mazoea. Sheria, katika kifungu cha 23, inampa saa moja yule anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano, wala haimlazimishi mwajiri kuilipa, isipokuwa pale mfanyakazi anapotakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi katika muda huo. Mlinzi anayekula ugali wake pale pale getini, macho yakiwa barabarani, hajapumzika. D yake ni sifuri.

Mara chache katika mwaka ile saa sita ya usiku, ambayo tumefanya juhudi yote kuihamisha, inarudi kudai haki yake. Kifungu cha 25 kinaagiza ujira wa msingi mara mbili kwa kila saa iliyofanyiwa kazi katika sikukuu ya taifa, na Saba Saba na Nane Nane, zote mbili, huangukia katika msimu wa pamba. Aliyeingia jioni ya tarehe 6 Julai akatoka asubuhi ya tarehe 7 ana saa za siku mbili zenye malipo mbalimbali. Hapa mashine inatusaidia bila kutaka, kwani saa ya kutoka yenyewe, ikizidishwa kwa 24, ndiyo idadi ya saa zilizopita tangu usiku wa manane:

```
=IF(C2<B2,24*C2,0)
```

Kwa mtu wetu itakuja 6, zote za Saba Saba, na zile 5 za jioni ni za siku ya kawaida. Kwa sababu hiyo tarehe ya safu A iwe daima ya kuingia, nawe usiibadilishe mtu akitoka. Vinginevyo usiku mmoja utaandikwa mara mbili. Mwislamu anaijua vyema sikukuu yake kuwa imeingia tangu magharibi ya kuamkia, lakini daftari la mishahara linafuata kalenda ya serikali.

MOD ina mpaka wake pia, nao ni siku moja. Aliyeingia 18:00 akashikilia zamu ya mwenzake aliyeugua hadi 18:00 ya kesho atapewa sifuri, na akikaa saa 26 atapewa 2. Kwa watu wa namna hiyo andika tarehe na saa pamoja katika kisanduku kimoja, kuingia na kutoka, kisha toa moja kwa moja pasi na MOD. Na kwa wote weka safu ya kuangalia, kwa kuwa sheria haimruhusu mtu kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, na zamu ipitayo hapo ama imeandikwa vibaya ama imevunja sheria, na vyote viwili vyataka kuangaliwa:

```
=IF(OR(E2>12,E2<=0),"ANGALIA","")
```

Wiki ikiisha, jumlisha. Masiku matano ya saa 11 ni saa 55. Saa za kawaida kwa wiki ni 45, kwa hiyo za ziada ni 10, na kwa wiki nne ni 40, ambazo hazijafikia ukomo wa saa 50 kwa wiki nne. Masiku sita ni saa 66, za ziada ni 21, na kwa wiki nne ni 84. Zamu ya saa kumi na mbili, masiku sita kwa wiki, ambayo waajiri wengi wa msimu huichukulia kuwa ni desturi, haiwezekani kisheria hata ikilipwa kila senti yake. Nami nakuomba wewe karani, maadamu namba hizo umezipata kwa mkono wako, umpelekee mwajiri karatasi hiyo kabla ratiba ya msimu haijabandikwa, ili aajiri kundi la tatu wakati bado anao wasaa.